"Outline", "discuss", "evaluate": maswali ambayo wanafunzi wananiuliza kila msimu wa mtihani

Nafundisha histori sekondari hapa Tanzania na kila ikikaribia mock simu yangu inajaa maswali yaleyale, sasa nimeamua niyaweke sehemu moja nikiulizwa tena natuma tu. Mifano karibu yote nimetoa kwenye Vita vya Majimaji, makusudi kabisa, maana nataka uone topiki ni ileile, notsi ni zilezile, ila neno moja mwanzoni mwa swali likibadilika na jibu zima linabadilika. Kama husomi histori usiondoke, huku chini kuna masomo mengine pia.

## Mwanzo mwanzo

Kwani haya maneno yana shida gani? Si nikijua topiki nimemaliza?

Hujamaliza. NECTA huwa wanatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa baada ya mtihani, na ukizipitia utakutana na sentensi moja inarudi kila somo: mtahiniwa hakuelewa matakwa ya swali. Sio kwamba hakusoma, hapana, alisoma, ila aliulizwa kitu A akajibu B. Msahihishaji ana makingi skimu mbele yake na ile skimu imejengwa juu ya lile neno la kwanza. Kama maksi zimegawanywa nusu kwa kutaja pointi na nusu kwa kuielezea, wewe ukitaja tu hata pointi zote sita ziwe sahihi umeshajifungia kwenye nusu.

Nipe tofauti ya hayo matatu kwa ufupi kabisa, niko njiani.

"Outline" inauliza ni zipi. "Discuss" inauliza kivipi na kwa nini. "Evaluate" inauliza kwa kiasi gani, na inataka mwishoni utoe hukumu yako. Ukifika nyumbani soma na hayo ya chini maana "discuss" ina mtego wake.

Kwa Kiswahili yanaitwaje?

"Discuss" ni jadili, "evaluate" ni tathmini, hapo hakuna ugomvi. "Outline" haina neno moja lililokaa vizuri, kwenye peipa za Kiswahili kazi yake unaikuta imebebwa na bainisha au "eleza kwa ufupi". Wengine wanatafsiri kuwa orodhesha, mi naona inapotosha kidogo, sababu iko swali linalofuata.

## "Outline"

Si ni sawa na "list" au "mention" tu?

Karibu sawa lakini sio sawa. "List" na "mention" unaweza kuandika maneno mawili matatu ukaenda zako: pamba, kodi, ukatili wa maakida. "Outline" inataka ile pointi isimame yenyewe kama sentensi, yaani mtu asiyejua topiki akisoma apate picha ya jumla bila kuuliza.

Mfano swali ni "Outline" sababu za Vita vya Majimaji. Ukiandika "pamba" hujasema kitu, pamba imefanyaje? Andika hivi: *Wajerumani waliwalazimisha wananchi kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja kwa malipo kiduchu.* Basi, nukta, nenda pointi ya pili. Ni sentensi moja, ikizidi sana mbili.

Nikiandika kwa urefu si ndo nitapata zaidi?

Hapana, na hili ndo linaua wanafunzi wazuri kuliko wabaya. Swali la "outline" lina maksi zake na zikishajaa zimejaa, hata uandike kurasa tatu. Unachopoteza ni muda. Fanya hesabu ndogo: mtihani wa saa tatu wenye maksi 100 unakupa dakika 180, yaani kila maksi moja ina kama dakika 1.8. Swali la maksi 6 halitakiwi kuzidi dakika 11 hivi. Esei ya maksi 15 inastahili kama dakika 27. Sasa wewe umekaa dakika 25 kwenye "outline" ya maksi 6 unamsimulia msahihishaji habari za Kinjikitile mpaka alivyonyongwa, halafu esei ya mwisho unaandika kwa vidole vinavyotetemeka pointi mbili na kengele inalia.

Ndugu zetu wa Kenya kwa KCSE ya histori wao wana masaa mawili na nusu kwa maksi 100, kwaiyo ni dakika moja na nusu kwa maksi, wao hata hiyo anasa ya kusimulia hawana kabisa.

## "Discuss"

Mwalimu mmoja anasema "discuss" ni kueleza pointi, mwingine anasema lazima uonyeshe pande mbili. Nimsikilize nani?

Wote wako sahihi, na hapa ndo penye mtego niliosema. Usiangalie neno "discuss" peke yake, angalia kimekaa nini jirani yake.

Aina ya kwanza: "discuss" ikifuatiwa na namba na kitu ambacho tayari kimekubalika. "Discuss" sababu sita za Vita vya Majimaji. Hapo hakuna anayebishana kama vita ilikuwepo au sababu zilikuwepo. Unatakiwa utoe sababu sita, kila moja uichambue vizuri. Ukianza kuleta upande wa pili, sijui kwa mtazamo wa Wajerumani walikuwa na nia njema, unapoteza wino wako bure.

Aina ya pili: swali linaanza na kauli ya mtu kwenye alama za kunukuu, alafu mwishoni ndo linakuja neno "Discuss" peke yake. Mfano: "Vita vya Majimaji vilisababishwa na imani ya dawa tu." "Discuss". Hapa umepewa madai, na madai yanajadiliwa, hayamezwi. Lazima uonyeshe wapi kauli ina ukweli na wapi imezidisha au imeacha kitu. Mwanafunzi anayeiona hii akaandika sababu sita kama alivyokariri, anapata maksi za huruma.

Na kuna maneno yanayokutaarifu kwamba kauli imewekewa mtego: "tu", "pekee", "yote", "daima". Ukiliona mojawapo ndani ya kauli ya "discuss", jua mtungaji ameliweka kusudi ulishike.

Paragrafu ya "discuss" inakaaje? Nionyeshe.

Tuchukue ileile pointi ya pamba tuliyoiandika kwa sentensi moja kwenye "outline". Sasa tuijadili:

*Kilimo cha lazima cha pamba kilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya vita. Kuanzia 1902, chini ya gavana von Götzen, vijiji vya pwani na kusini viliamriwa kuwa na mashamba ya pamoja ya pamba yaliyosimamiwa na majumbe na maakida. Watu walilazimika kuacha mashamba yao ya chakula wakati wa msimu, na malipo waliyopata yalikuwa madogo mno. Hivyo pamba ikawa alama ya unyonyaji wenyewe, ndiyo maana vita ilipoanza Julai 1905 huko Umatumbini kitendo cha kwanza kilikuwa kung'oa miche ya pamba.*

Angalia kuna nini mle. Sentensi ya kwanza inataja pointi. Ya pili inaleta ushahidi, mwaka, mtu, mahali. Ya tatu inaeleza iliumaje. Ya mwisho inarudi kwenye swali na kuonyesha pamba imezaa vita kivipi. Wengi wanaishia sentensi ya tatu. Wanaeleza pamba ilivyokuwa mbaya weee, ila hawasemi ubaya huo umefikaje kwenye mapigano, na swali liliuliza sababu za vita, halikuuliza ubaya wa pamba.

Njia ya kujipima ni rahisi: ukimaliza paragrafu, jiulize "kwaiyo?" Kama jibu la hiyo "kwaiyo" halipo kwenye karatasi, paragrafu haijaisha.

Nimeulizwa sita, mimi nazijua nane. Niandike zote?

Andika sita. Kuna wasahihishaji wanaosahihisha zile za kwanza kufikia namba iliyoombwa, sasa kama pointi zako dhaifu ziko mbele na nzuri ziko mkiani umejiroga mwenyewe. Chagua zile sita unazoweza kuzijazia ushahidi kama pamba pale juu. Na angalia usigawanye pointi moja mara mbili: "malipo madogo kwenye pamba" na "kulazimishwa kulima pamba" zinaweza kuhesabiwa kitu kimoja, hapo umebaki na tano.

Intro na konklusheni ni lazima?

Kwa esei, ndio, ila fupi. Intro ya Majimaji: vita ilikuwa lini, 1905 hadi 1907, wapi, nani dhidi ya nani, mistari mitatu minne imetosha. Nimewahi kusahihisha mock mtoto kaanza intro na maana ya ukoloni, akaenda Mkutano wa Berlin, akafika Karl Peters, ukurasa umeisha Majimaji haijatajwa. Kwa "outline" intro haihitajiki, labda uambiwe uandike esei.

## "Evaluate"

"Evaluate" inaongeza nini ambacho "discuss" haina?

Mzani. Kwenye "discuss" sababu sita, pointi zako zinaweza kukaa sambamba, hamna mkubwa hamna mdogo. Kwenye "evaluate" haziruhusiwi kukaa sambamba. Lazima useme ipi ina uzito zaidi, kwa kipimo gani, na mwisho utoe hukumu. Jibu la "evaluate" lisilo na hukumu ni kama kesi iliyosikilizwa siku nzima hakimu akaenda nyumbani.

Nifanyie mfano mmoja mzima, hapo ndo huwa napotea.

Sawa. Swali: "Evaluate" mchango wa imani ya maji katika Vita vya Majimaji.

Kosa la kwanza watu wanaandika habari za Kinjikitile Ngwale, alitokea Ngarambe, aligawa maji, watu waliamini risasi zitageuka maji. Ni kweli yote lakini hayo ni maelezo, haijapimwa kitu. Kosa la pili ni kuandika sababu nyingine zote kama orodha, kodi, pamba, ukatili, bila kuzigusanisha na maji.

Mimi ningeenda hivi. Kwanza natafuta kipimo: mchango katika nini? Vita ina kuanza, kusambaa, na kuendelea. Hayo ni mambo matatu tofauti na maji yanaweza kuwa na nguvu kwenye moja na yasiwe na nguvu kwenye lingine. Hapo tayari nimepata mifupa ya jibu.

Kwenye kuanza: maji peke yake hayatoshi kueleza. Mapigano yalianza Umatumbini, sehemu iliyobanwa na pamba, na watu walianza na kung'oa pamba. Hasira ilikuwepo tayari, maji yalikuja kuipa ujasiri.

Kwenye kusambaa: hapa maji yana uzito mkubwa sana. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja, sasa ni kitu gani kiliwafanya wapigane kwa wakati mmoja? Dawa ile ndo ilivuka mipaka ya makabila. Na Wangoni wa Songea hawakuwa wamebanwa na yale mashamba ya pamba kama watu wa pwani, ila waliingia vitani, kwaiyo pamba haiwezi kuwaeleza wao. Ila usiishie hapo, watawala wa Wangoni walikuwa pia na lao, Mjerumani aliwapunguzia mamlaka na walitaka yarudi.

Kwenye kuendelea: maji yanaanguka. Mwisho wa Agosti 1905 wapiganaji walishambulia boma la Mahenge, bunduki za rashasha zikawamaliza kwa mamia, dawa haikuzuia kitu. Kama maji ndo yangekuwa kila kitu vita ingeishia pale. Haikuishia, sehemu nyingine iliendelea kwa mbinu za msituni mpaka 1907, na kilichoimaliza ilikuwa zaidi njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na vyakula.

Hukumu sasa: *Imani ya maji ilikuwa na mchango mkubwa katika kuwaunganisha watu na kusambaza vita, lakini haikuwa chanzo cha hasira iliyoianzisha, wala haikuwa nguvu iliyoiendeleza baada ya Mahenge.* Sentensi moja. Ona haisemi "maji yalikuwa muhimu na sababu nyingine pia zilikuwa muhimu", hiyo sio hukumu, hiyo ni kukwepa.

Naogopa kutoa maoni yangu, msahihishaji akikataa je?

Hasahihishi msimamo wako, anasahihisha kama msimamo umebebwa na ushahidi. Wawili wanaweza kutoa hukumu zinazopingana na wote wakapata maksi za juu. Kinachokataliwa ni hukumu inayodondoka kutoka mbinguni kwenye konklusheni wakati huko juu hakuna kilichoiandaa. Na usiandike "mimi binafsi naona", andika tu hukumu yenyewe kama nilivyofanya hapo juu.

"Assess", "to what extent", "how far", hizi nazo?

Familia moja na "evaluate", tumia mzani uleule. "To what extent" inataka zaidi ujibu kwa kiwango: kwa kiasi kikubwa, kwa kiasi fulani, kwa kiasi kidogo, na useme kabisa kwa nini sio zaidi au pungufu. "Critically discuss" utaikuta zaidi ukifika chuo, nayo ni aina ya pili ya "discuss" ikiwa imevaa suti.

## Masomo mengine

Kwenye hesabu nimekuta "evaluate", nitoe hukumu?

Haha hapana. Kwenye hesabu "evaluate" ni tafuta thamani, wanataka namba. Ukipewa `log₂ 32` jibu ni 5, onyesha njia, maliza. Hakuna pande mbili.

Na kwenye sayansi?

"Outline" ya sayansi mara nyingi inakuja na hatua za jaribio au mchakato, hapo mpangilio una maksi. Kwenye histori ukiweka kodi kabla ya pamba haina shida, ila kwenye kupima wanga kwenye jani ukiweka ayodini kabla ya kuchemsha jani kwenye spiriti kuondoa ile rangi ya kijani, umeharibu, maana rangi ya bluu-nyeusi hutaiona vizuri. "Discuss" kwenye baiolojia ni kama aina ya kwanza ya histori, na mchoro wenye majina unaweza kukusaidia kama haujakatazwa.

Kwenye peipa ya Kiswahili, fasihi, maneno ndo yapi?

Utakutana na jadili, fafanua, eleza, na lile wanalolipenda sana, thibitisha. Thibitisha ni tofauti na jadili aina ya pili: kauli imeshakubaliwa, kazi yako ni kuleta ushahidi toka kwenye vitabu, usianze kuipinga. Na mara nyingi wanasema hoja tatu kwa kila kitabu, kwaiyo vitabu viwili ni hoja sita, ukiweka nne za kitabu kimoja na mbili za kingine umekosea hata kama jumla ni sita.

## Yale ya pembeni

"Account for" ni kueleza kitu kilivyokuwa, si ndio?

Sio. "Account for" ni toa sababu. "Account for" kushindwa kwa Majimaji inauliza kwa nini walishindwa, haitaki historia ya mapigano kuanzia Umatumbini mpaka Songea. Wanafunzi wanaona "account" wanafikiria simulizi. Kila mwaka.

Swali lina maneno mawili, "outline and evaluate". Nifanyeje?

Hizo ni kazi mbili, na kama hazijagawiwa maksi jua kwamba ya pili ndo nzito. Fanya ya kwanza kwa ufupi, sentensi sentensi, kama tulivyosema kwenye "outline", alafu muda mwingi upeleke kwenye mzani. Kosa la kawaida ni kutoa asilimia tisini ya karatasi kwa kazi ya kwanza kwa sababu ndo rahisi.

Na swali ambalo halina neno kabisa, limeanza tu na "why" au "how"?

Angalia maksi. "Why" ya maksi 2 ni "outline". "Why" ya maksi 15 ni "discuss" aina ya kwanza. "How" ichunge, inaweza kuwa njia zilizotumika au inaweza kuwa kwa kiasi gani, kama ni "how far" au "how successful" basi rudi kwenye "evaluate".

Nikisahau neno lina maana gani niko ndani ya chumba?

Tumia namba na maksi. Pointi sita kwa maksi 6, taja kwa sentensi. Pointi sita kwa maksi 12, taja na ueleze, na hii kwa KCSE ya histori imezoeleka sana, moja ya pointi na moja ya maelezo. Maksi 15 au 20 bila namba ya pointi, na kuna kauli kwenye alama za kunukuu, chukulia ni ya kujadili na kuhukumu.